Rais mpya wa baraza la wanafunzi, dakika 3 za paredi na ahadi ya feri

Shikamoo mwalimu,

Nasoma Kidato cha 3 katika shule ya kutwa ya mchanganyiko hapa kisiwani Mombasa. Juma lililopita nilichaguliwa rais wa baraza la wanafunzi. Nilipata kura 371, aliyenifuata akapata 348, na wafuasi wake mpaka leo wananinunia. Jumatatu ijayo nimepewa dakika 3 kwenye paredi nijitambulishe mbele ya shule nzima.

Nimeandika kurasa 2 na nusu. Nikizisoma nyumbani zinachukua dakika 8. Zinaanza hivi: "Kwanza kabisa ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwashukuru nyote. Kwa wale wasionijua, jina langu naitwa..." Halafu kuna jambo linaninyima usingizi. Wakati wa kampeni niliahidi kwamba sisi tunaotoka Likoni hatutaadhibiwa tena tukicheleweshwa na feri. Lango letu hufungwa saa 1:15 asubuhi. Sasa kila ninapopita naulizwa, "Vipi ile ya feri?"

Nisalimie vipi, maana tuko Waislamu na Wakristo? Niongee lugha ya mtaani ili wanikubali? Na uwanja wetu una upepo, halafu maikrofoni kila mara hulia hadi watu wanaziba masikio. Nisaidie.

Mteule, Likoni

*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Zile kurasa 2 na nusu ziweke kando, wala usijaribu kuzipunguza. Hotuba ya kampeni ukiikata hubaki hotuba ya kampeni, ila fupi. Jumatatu huombi kura. Mwanafunzi aliyesimama mstari wa mwisho, jua linampiga utosini na mkoba uko mgongoni, anatakiwa aondoke pale akijua mambo manne: jina na sura yako, mahali na saa ya kukupata, jambo moja utakaloanza nalo, na siku utakayorudi kumwambia limefika wapi. Yasiyoingia humo yana siku yake.

Hesabu ya muda nayo iko wazi. Nyumbani unasoma haraka kwa sababu unajisikia mwenyewe. Uwanjani, kwa maikrofoni, mtu anayeeleweka hasemi zaidi ya maneno 100 kwa dakika, kwa kuwa Kiswahili kina maneno marefu na kila sentensi inahitaji pumzi moja ya kusubiri baada yake. Ondoa pia sekunde za kupanda jukwaani, za makofi, na za naibu mwalimu mkuu kuwanyamazisha watu. Katika dakika 3 unabaki na nafasi ya maneno 200 hivi. Zile dakika zako 8 zingekuwa 11 au zaidi pale uwanjani, na naibu angekuja kukugusa bega ukiwa bado kwenye shukrani.

Kabla hujashika kalamu, nenda kwa mwalimu mlezi wa baraza, na usingoje hadi Ijumaa mchana. Mwambie utataja nini kuhusu feri, kisha muombe akupeleke kwa naibu mwalimu mkuu, kwani katika shule nyingi masuala ya nidhamu na lango ni yake. Rais mpya mara nyingi huharibikiwa hapa. Anasimama, anatangaza jambo zuri kuhusu uchelewaji, uwanja unalipuka kwa makofi, halafu naibu anachukua maikrofoni na kusema, "Niweke sawa alichosema rais wenu." Baada ya sentensi hiyo moja hakuna atakayekusikiliza muhula mzima, na naibu hutamlaumu, maana kazi ya kulinda sheria za shule ni yake na wewe hukumpa habari.

Kisha ujue kiti chako kinafika wapi. Zamani kiranja mkuu aliteuliwa na walimu, na kazi yake ilikuwa kupeleka amri chini. Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya lilianzishwa mwaka 2009, na tangu hapo shule zikaanza kuchagua viongozi wa wanafunzi kwa kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo iliweka mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya usimamizi wa shule, akiwa mjumbe kwa wadhifa wake. Kwa hiyo jambo lina njia ya kupita: mwakilishi wa darasa, kikao cha baraza, mwalimu mlezi, usimamizi wa shule, na likiwa zito, bodi. Unaweza kulibeba jambo katika njia hiyo yote. Kulikatia shauri huwezi, na hapo ndipo ahadi yako ya feri ilipokwama.

Ahadi hiyo usiifiche. Ukiinyamazia, Jumatatu yote watasema umeanza kuwa kama wanasiasa. Ukiirudia vile vile, utakuwa umetoa sheria isiyo yako. Iseme ilivyokuwa, kiri kwamba ulisema zaidi ya uwezo wako, kisha onyesha kile ambacho baraza linaweza kufanya kweli.

Kinachowezekana ni daftari. Kwa siku 10 za masomo, kila mwakilishi wa darasa aandike wanaochelewa katika safu tano: tarehe, jina, saa aliyofika kivukoni, saa aliyoshuka upande wa kisiwani, na saa aliyofika langoni. Ile safu ya saa ya kivukoni usiiache, maana daftari zima linaegemea hapo. Wewe unajua kwamba kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni kusubiri, hasa feri moja ikiharibika au meli inapopita kuingia bandarini Kilindini na feri zikalazimika kuiacha ipite. Naibu anayetoka nyumbani kwake Tudor au Kizingo hayaoni hayo. Yeye anaona mtoto langoni saa 1:30.

Tazama jinsi daftari linavyosema. Tuseme Jumatano wamechelewa 19, na 17 kati yao walikuwa kivukoni kabla ya saa 12:20 na wote wakashuka saa 1:10. Hapo feri ndiyo iliyochelewa, na hakuna haja ya kubishana. Siku ya pili amechelewa mmoja tu, na yeye alifika kivukoni saa 12:55. Huyo aliamka kwa kuchelewa, feri haihusiki. Daftari likiwa na mifano ya aina zote mbili naibu ataliamini zaidi kuliko lingekuwa na visingizio vitupu. Waambie wawakilishi waandike zote bila kumlinda rafiki. Na majina yabaki kati yenu na ofisi, yasisomwe paredi wala kubandikwa ubaoni.

Kasoro itakayojitokeza, nakuambia mapema, ni watu kubuni saa. Siku ya tatu hivi kila mtu atakuwa "alifika kivukoni saa 12 kamili". Dawa yake ni kuwaandikisha asubuhi ile ile, kabla ya kipindi cha kwanza, na kulinganisha madarasa. Wawili waliopanda feri moja wakiwa na saa za kushuka zinazopishana kwa nusu saa, mmoja kati yao amekosea au anadanganya, na mwakilishi awaulize wote wawili hapo hapo.

Tarehe ya kurudi kutoa majibu ihesabu vizuri. Ukianza Jumanne, siku ya 10 ya masomo ni Jumatatu ya wiki mbili baadaye. Ukisema utatoa majibu siku hiyo, daftari lenyewe litakuwa halijafungwa. Ipe ofisi wiki moja ya kulisoma na utaje Jumatatu inayofuata, yaani siku ya 21 tangu hotuba yako. Itaje kwa tarehe kabisa. "Hivi karibuni" haina mtu anayeidai.

Sasa maneno yenyewe. "Jina langu naitwa" ni kosa ambalo walimu wa Kiswahili wamelipigia kelele miaka nenda miaka rudi: ama jina langu ni fulani, ama naitwa fulani, moja litoshe. "Ningependa kuchukua fursa hii adhimu" ni maneno matano yanayotangaza shukrani badala ya kushukuru. Sema "asanteni" na umeshashukuru. "Kwa wale wasionijua" pia iondoe. Inawagawa watu, wanaokujua wanaacha kusikiliza na wasiokujua wanajiona wageni.

Utambulisho wa viongozi uende kwa cheo na uishie kwa wenzako: Mwalimu Mkuu, naibu, walimu, wafanyakazi, wanafunzi. Usiwasahau wafanyakazi. Mpishi na bawabu huwa wamesimama pale ukingoni, na huyo bawabu ndiye utakayemhitaji kwenye lile daftari la lango. Akiwapo mgeni siku hiyo, kama mjumbe wa bodi, uliza mlezi atajwe wapi. Ile "itifaki imezingatiwa" inafaa tu pale aliyekutangulia ameshawataja wote. Ukiwa wa kwanza kuisema, hujazingatia chochote, na walimu huwa wanachekea pembeni.

Kuhusu salamu, "hamjambo" inamtosha kila aliyesimama pale na itajibiwa na uwanja mzima. Ukitaka kutoa ya dini, toa zote mbili, "Asalaam aleikum" na "Bwana asifiwe", kwa uzito ule ule na bila kupumzika katikati. Ukitoa moja na kuiacha nyingine, nusu ya uwanja itakuitikia na nusu itatazamana, na wafuasi wa mwenzako watapata la kusema hadi Ijumaa. Mimi ningechagua hamjambo, maana kwa dakika 3 salamu mbili na majibu yake ni sekunde 15 zimekwenda.

Lugha ya mtaani iache nje. Haina ubaya wowote kibarazani, lakini ya Likoni si ya Changamwe wala ya Kisauni, na neno linalowachekesha wenzako wa feri litawapita wa bara na walimu pia. Tumia Kiswahili chepesi unachomwambia shangazi yako. Na kama shule ina siku za Kiingereza na siku za Kiswahili, muulize naibu kuhusu Jumatatu hiyo, uandike kwa lugha ya siku.

Mshindani wako mtaje kwa jina, lakini kwanza ukamtafute. Kura 23 ndizo zilizowatenganisha, na ukumbi wote unazijua. Ukizitaja utakuwa unamkebehi, na hata "ushindi" ni neno la kuacha. Muulize ni jambo gani katika kampeni yake lililomgusa zaidi, umuombe mlishughulikie pamoja. Akikubali, liseme. Akikataa, mshukuru tu kwa jina na uendelee. Kamwe usitangaze mbele ya watu kwamba mtafanya naye kazi hali hujamuuliza. Atakuja kukana saa ya chakula, na utaonekana umemtumia.

Nimekuandikia mfano, nikichukulia kwamba mwenzako alisemea uhaba wa maji ya kunywa na amekubali. Ubadilishe kwa ulimi wako, lakini mpangilio wake uuache.

"Mwalimu Mkuu, naibu wako, walimu wetu, wafanyakazi wa shule, na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Naitwa (jina lako), wa Kidato cha 3 Mashariki. Asanteni kwa kunichagua. Nawashukuru pia wote tuliogombea pamoja. (Jina lake) aliwasemea kuhusu maji ya kunywa. Nimemwomba tulishughulikie pamoja, naye amekubali.

Wengi mmeniuliza kuhusu feri. Niliahidi kwamba anayecheleweshwa na feri hataadhibiwa. Hapo nilisema zaidi ya uwezo wangu. Uamuzi huo ni wa usimamizi wa shule. Baraza linaweza kupeleka ushahidi, na kazi hiyo inaanza kesho.

Kwa siku 10 za masomo, mwakilishi wa kila darasa ataandika nani amechelewa, alifika kivukoni saa ngapi, na langoni saa ngapi. Mpe saa za kweli. Daftari litakwenda kwa naibu mwalimu mkuu. Katika siku hizo, sheria ya lango ni ile ile.

Ukinitaka, niko chini ya mwarobaini kando ya maktaba, kila Jumanne na Alhamisi, dakika 20 za kwanza za mapumziko ya mchana. Ukiona haya kuja, mpe mwakilishi wa darasa lako karatasi.

Jumatatu ya tarehe (itaje) nitasimama hapa tena niwaambie tulivyojibiwa, iwe ndiyo au la. Asanteni."

Hayo hayafiki maneno 200. Angalia ile sentensi ya "sheria ya lango ni ile ile". Ndiyo itakayomfanya naibu akuamini, na ndiyo itakayowazuia wajanja wasiseme Jumanne kwamba rais ameruhusu kuchelewa. Usiiondoe hata ukiona haina makofi. Na hakuna nilipokuwekea alama zako za mtihani, vikombe ulivyoshinda wala ndoto zako za baadaye. Jina, darasa na mahali pa kukupata ndio utambulisho.

Andika haya kwenye manila, si kwenye karatasi ya kawaida. Kata vipande vinne vya ukubwa wa nusu daftari, andika upande mmoja tu kwa herufi kubwa, na uvipe namba kwenye kona. Upepo wa pwani unapepea karatasi nyepesi, na karatasi ikitetemeka watu husema umeogopa hata kama mkono umetulia. Kipande cha kwanza kiwe na salamu na jina, cha pili mwenzako na ahadi ya feri, cha tatu daftari, cha nne mahali pa kukupata na tarehe. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikae kichwani, uziseme ukiwatazama.

Maikrofoni hulia kwa sababu inasikia sauti yake yenyewe. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena, mpaka inakuwa ule mlio mkali. Kwa hiyo tazama spika zimewekwa wapi kabla ya paredi. Zikiwa mbele yako zikiwaelekea wanafunzi, uko salama. Zikiwa nyuma ya mgongo wako, au ukizisogelea kwa mbele, italia tu. Ikilia, mtu kwa kawaida huziba kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Hapo unaizidishia, kwa sababu kiganja kinakusanya sauti na kuirudisha ndani. Rudi nyuma hatua moja au mbili kutoka kwenye spika, ishike mpini wake, na umpe ishara anayeshughulikia mitambo apunguze kidogo.

Ishike karibu na kidevu, vidole vitatu hivi kutoka mdomoni, ikielekea mdomo kwa chini badala ya kuutazama moja kwa moja. Ukiiweka mbele kabisa, kila "p" na "b" itapiga kishindo, na hotuba yako ina "baraza", "pamoja" na "mapumziko" ndani yake. Ukiiweka mbali, mwenye mitambo ataongeza sauti, na hapo ndipo inapoanza kulia. Watu wengi wanadhani maikrofoni mbovu ndiyo inayolia, kumbe mara nyingi mzungumzaji ameishika mbali.

Upepo nao una adabu zake. Katika muhula wa pili kusi ndiyo inayovuma, kutoka kusini, na ikiingia moja kwa moja kwenye maikrofoni inatoa mngurumo unaofunika maneno. Ukipata nafasi ya kuchagua, simama mgongo wako ukiupokea upepo, mwili wako uwe ndio kizuizi, na sauti iende na upepo kuelekea kwa watu. Jukwaa likiwa limejengwa mahali pake na huwezi kuhama, geuka kidogo ili bega likinge, au tafuta kile kifuniko cha sponji cha kuvika kichwa cha maikrofoni.

Kama mbele yako, nyuma ya wanafunzi, kuna jengo refu la madarasa, tegemea mwangwi. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 50 kutoka kwako utakurudishia neno baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, nalo litaangukia neno linalofuata. Ndiyo sababu ya ile pumzi moja baada ya kila sentensi. Usipige kelele kuushinda mwangwi, kwani nao unapanda pamoja nawe.

Fanya mazoezi Ijumaa baada ya masomo, uwanjani pale pale. Mweke rafiki mahali ambapo mstari wa mwisho husimama. Asome gazeti au afanye lolote asikutazame, na ainue mkono kila anapokosa neno. Tia alama kwenye manila kila alipoinua. Mara nyingi ni mwisho wa sentensi, pumzi ilipokwisha, na dawa yake ni kuikata sentensi hiyo vipande viwili. Pima kwa simu. Ukizidi dakika 2 na nusu, punguza kutoka kwenye shukrani, tarehe usiiguse.

Stima ikipotea katikati, usiendelee kwa kupaza sauti ukiwa jukwaani. Nyamaza, mtazame mlezi, na akikubali waombe madarasa ya nyuma wasogee, wewe ushuke usimame usawa wao. Halafu usome kipande cha tatu na cha nne tu. Salamu na shukrani watakuwa wameshazisikia, lakini daftari na mwarobaini ndivyo wasivyopaswa kukosa.

Na wale wanaokununia, huenda wakazomea ukifika kwenye feri, hasa pale unapokiri ulizidisha. Usijibu, wala usitabasamu kwa kejeli. Shusha maikrofoni hadi kifuani, hesabu moja hadi nne kimoyomoyo, ipandishe, uanze sentensi ile ile upya tangu mwanzo kwa sauti ile ile. Wakizomea mara ya pili, naibu ataingilia mwenyewe, na wewe utakuwa hujapoteza neno hata moja kati ya yale 200. Ukimaliza, mkabidhi maikrofoni aliyekupa, ushuke, uende kwenye mstari wa darasa lako kama kawaida. Jumanne mchana, hata asipotokea mtu yeyote, kaa pale chini ya mwarobaini dakika zote 20 na lile daftari mapajani, maana watapita wengi kwa mbali kutazama tu kama kweli umekuja.